Nikiingia shughulini nahisi macho yote yako kwangu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 28, mzaliwa wa Wete, nimeolewa Unguja na nasomesha skuli. Mbele ya wanafunzi sina tatizo. Tatizo langu ni watu wazima wakikusanyika: harusini, msibani, hata Sikukuu nyumbani kwa wakwe. Nikifika mlangoni nikaona mikeka imejaa wanawake, moyo unanienda mbio, viganja vinaloa, na naona kila mtu ananitazama mimi. Najipangusa mkono kwenye baibui kabla ya kuupeana. Nikiulizwa jambo najibu neno moja kisha natoa simu, au nakimbilia uani kuosha vyombo. Sinia likiletwa nasema nimeshakula, kwa sababu mkono unatetemeka na nachelea wataona.

Usiku silali, narudia kila nililosema. Miezi mitatu iliyopita alifariki ami yangu huko Pemba. Nilisingizia homa, sikwenda maziko wala hitma. Sasa mama ananambia watu wanasema nina maringo tangu nihamie mjini. Imeniuma sana, maana ami ndiye aliyenilea.

Baada ya wiki 5 mdogo wangu anaolewa Wete na siwezi kukosa. Tena najua nitaulizwa, "Bado tu?" Nina miaka 3 ya ndoa na sijajaaliwa mtoto. Mama anasema ni husda, nikasomewe. Nifanyeje?

Mwenye haya, Unguja

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kufiwa na ami yako, na pole nyingine kwa kuyakosa maziko yake. Nitarudi kwake, kwa sababu nadhani safari yako ya Wete ianzie nyumbani kwake kabla ya harusini.

Kwanza nikuvue jina ulilojipa. Haya ni jambo zuri kwetu, na mwenye haya hukaa na wenzake, akasema kwa sauti ya chini, akala akashiba, akarudi kwake akalala. Wewe ulitaka kumzika aliyekulea, ukashindwa kutoka nyumbani. Hiyo ni hofu, na wataalamu wa afya ya akili wanaijua vizuri. Huitwa wasiwasi wa kijamii: mtu anaogopa kupita kiasi kutazamwa na kupimwa na wenzake, hali ikadumu miezi 6 au zaidi, ikamzuia mambo anayoyataka. Na usishangae kwamba darasani huna shida. Pale kazi yako inajulikana na watoto hawakupimi. Mkekani huna kazi, na waliokaa ni watu ambao maneno yao yana uzito kwako.

Sasa nina swali. Fumba macho ukumbuke harusi ya mwisho uliyokwenda. Unaona nini? Unaona nyuso za wenzako, rangi ya sare zao, mtoto aliyekuwa analia? Au unajiona wewe mwenyewe, kama mtu aliyepigwa picha kutoka darini: mwanamke kakaa karibu na mlango, kajikunyata, jasho linamtoka, mkono unamtetemeka?

Wengi wenye hali yako hujiona wao. Hapo ndipo fundo lilipo. Mwaka 1995 wanasaikolojia wawili wa Uingereza, David Clark na Adrian Wells, waliueleza mzunguko huu vizuri. Mtu akiingia mahali anapoogopa, macho yake yanageuka ndani. Anausikiliza moyo wake, anakipima kiganja chake, anaisikia sauti yake. Kisha kwa yale anayoyahisi ndani anajichorea picha ya namna anavyoonekana nje. Moyo unapiga kama ngoma, basi anaamini chumba kizima kinaiona ngoma hiyo. Watu waliomo humo hajawatazama hata mara moja, ila ana hakika anajua wanachokifikiri.

Sitakudanganya kwamba hutazamwi. Kwetu mtu akipiga hodi msibani, vichwa vyote vinageuka mlangoni. Lazima vigeuke, kwani watu wanataka kujua ni nani, wamsogelee au wampishe, wamwamkie au waamkiwe. Na wapo watakaosema umepungua, umenenepa, umevaa nini. Lakini hebu hesabu. Ukienda tena mahali, kaa ukitazama mlango, na kila anayeingia mhesabie kimya kimya macho yanabaki kwake muda gani. Utaona ni muda wa salamu tu, kisha kila mmoja anarudi kwa jirani yake, kwa mtoto wake, kwa chungu kilichomo jikoni. Kisha jiulize walioingia kabla ya huyo wa mwisho walivaa nini. Hutakumbuka, na wao ndivyo wanavyokusahau wewe. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha jaribio lao la kuwavalisha wanafunzi fulana yenye picha ya mwimbaji ambaye vijana wenzao wangemcheka, wakawaingiza chumbani penye watu. Waliovaa walidhani kiasi cha nusu ya waliokuwamo wameitambua ile picha. Walioitambua walikuwa kiasi cha robo.

Sasa tuje kwenye kinga zako, kwa sababu hizo ndizo zinazoifanya hofu idumu. Umezitaja mwenyewe: kupangusa mkono, jibu la neno moja, simu, kukimbilia uani, kusema umeshakula. Pengine na nyingine hukuzitaja, kama kukaa karibu na mlango, kupanga sentensi kichwani kabla ya kuisema, kukishika kikombe kwa mikono miwili. Unazifanya ili aibu isikupate, na kila ukitoka salama unaamini kinga ndiyo iliyokuokoa. Kwa hiyo hujapata hata siku moja ya kuona ingekuwaje bila yake. Tena kinga nyingine huleta kile kile unachokikimbia. Kikombe kikibanwa kwa nguvu ndiyo kwanza kinatikisika. Na jibu la neno moja likifuatiwa na simu, yule aliyekuuliza hajui kwamba unaogopa. Anachokiona ni mtu asiyetaka kuzungumza naye. Hayo maringo wanayokusingizia, mwanangu, yametoka kwenye kinga zako. Wangeiona hofu yenyewe wangekuhurumia.

Tuchukue sinia, maana ndilo gumu kwako na ndilo utakalokutana nalo Wete bila shaka yoyote.

Sinia moja watu 4 au 5, mikono yote inaingia mle mle. Wewe unasema, "Mkono utatetemeka, wote wataona, watasema ninaumwa." Andika maneno hayo kwenye daftari kama yalivyo, na pembeni andika unayaamini kiasi gani, kutoka 0 mpaka 10. Kisha siku ya kwanza kula sinia na mume wako na mtu mmoja mliyemzoea, wifi yako labda. Nusu ya kwanza kula kama ulivyozoea: bana mkono, chukua tonge dogo, tazama chini, jichunguze. Andika hofu imefika ngapi. Nusu ya pili ulegeze mkono kabisa, uuache utetemeke ukitaka, na macho yako uyatoe nje: nani anapenda ukoko, nani anasukumia nyama kwa mwenzake, pilipili imewatoa jasho akina nani. Andika tena. Wengi hugundua kwamba nusu ya pili ndiyo iliyokuwa nyepesi, na wakiwauliza wenzao wanaambiwa hawakuona tofauti yoyote, au kwamba mara ya pili walizungumza vizuri zaidi.

Siku nyingine, ukishazoea, angusha wali kidogo kusudi. Najua linaonekana jambo la ajabu. Lakini wewe umejenga maisha yako juu ya hofu ya kuangusha wali, na njia ya kujua uzito wa jambo hilo ni kulifanya ukaona. Punje zikidondoka, zikusanye kwa utulivu, endelea kula, tazama nyuso. Kuna aliyenyamaza? Kuna aliyeacha kula? Linganisha na yale uliyoyaandika kwenye daftari.

Na mkono ukitetemeka kweli, mtu akauona? Itatokea siku moja. Akisema, "Mbona unatetemeka?" mwambie, "Ndivyo nilivyo nikiwa penye watu wengi," kisha uendelee. Sentensi hiyo ni ya kweli, na ukishaisema huna tena kitu cha kuficha mbele yake.

Jaribio jingine linalosaidia sana ni la video. Mwombe wifi yako akurekodi dakika 3 mkizungumza, chumbani, kwa simu yako, na mkimaliza kuitazama uifute ili isije ikafika kwa watu. Kabla ya kuitazama, andika unachotarajia kukiona: "Nitakuwa natoka jasho usoni, sauti itakatika, nitanyamaza muda mrefu." Kisha itazame kama unavyomtazama mgeni usiyemjua. Usiulize ulihisi nini wakati ule, uliza unaona nini. Jasho liko wapi? Kile kimya ulichodhani ni cha dakika nzima kihesabu, utakuta ni sekunde chache. Yaliyo kweli yakubali, kwamba pengine unasema haraka au hutazami juu, kwa sababu hayo yanarekebishika. Picha ya darini hairekebishiki, maana haikuwapo.

Kuhusu maongezi, sisi tuna bahati ya salamu ndefu. Hujambo, wa nyumbani hawajambo, mama hajambo, watoto je, mmefika lini, boti ilikuwaje. Hilo peke yake ni daraja la dakika nzima, na kila swali ukiliuliza kwa kutaka jibu, jibu lenyewe linakupa swali la pili. Mtu akikwambia boti ilikuwa na mawimbi, usianze kutafuta kichwani utasema nini cha maana. Muulize alikaa wapi, alitapika nani. Huna haja ya kuwa msemaji. Msibani haja hiyo haipo kabisa: "Poleni, Mungu akupeni subira," kisha kaa. Kimya cha msibani ni cha wote, na hakuna anayekihesabu kuwa ni chako. Hitmani utapewa juzuu usome, na hapo kila mtu ameinamisha kichwa.

Lakini uwe mkweli na nafsi yako kuhusu juzuu na kuhusu uani pia. Kuosha masinia ni msaada mkubwa kwenye shughuli, na wenye shughuli watakushukuru. Jiulize tu: wakinambia niache vyombo nikakae na wenzangu, nitasema sawa, au moyo utashituka? Ukishituka, jua ulikuwa umejificha. Basi osha nusu saa, kisha toka ukakae.

Sasa "Bado tu?" Hili sitaliita hofu ya bure, kwa sababu utaulizwa, na linauma hata kwa mtu asiye na wasiwasi wowote. Liwekee jibu moja, lile lile kwa kila mtu: "Bado, tuombeeni dua." Halafu hapo hapo mgeuzie yeye: "Na wewe mjukuu wako wa Konde keshaanza chuo?" Usieleze, usicheke cheko la kujitetea, usitaje hospitali. Lifanyie mazoezi kwa sauti na mume wako akiwa ndiye shangazi mchokozi, mara 10 kwa usiku mmoja, mpaka ulisikie limechakaa mdomoni. Nimeona wanawake wakilia mara ya pili na kucheka mara ya saba. Akiendelea kukuchimba, inuka: "Niwie radhi, nikawasaidie kule." Kuondoka kwa mtu anayekuumiza sikuhesabii kuwa ni kujificha.

Wiki 5 zinatosha kuanza, hazitoshi kumaliza. Wiki mbili za mwanzo fanya ya nyumbani: sinia, video, lile jibu. Ya tatu na ya nne nenda kwenye shughuli mbili hapo Unguja ambazo si za kwenu, hitma ya jirani au harusi ya mwalimu mwenzako, na ukae si chini ya dakika 45. Muda huo una sababu. Hofu hupanda unapoingia, ikabaki juu, kisha ikaanza kushuka yenyewe. Ukitoka dakika ya 10 unatoka nayo ikiwa kileleni, na mwili unajifunza kwamba kutoka ndiyo dawa.

Kisha vuka kwenda Pemba siku 4 au 5 kabla ya harusi, usifike na umati. Siku ya kwanza nenda kwa mke wa ami yako. Nenda wewe na mama tu, au peke yako. Usirudie ile hadithi ya homa. Mwambie, "Nakuomba radhi, nilishindwa kuja. Nikiona watu wengi napatwa na hofu, na siku ile ilinizidi. Ami alinilea na nimekuja kumlilia." Pole iliyochelewa inapokelewa, mwanangu. Pengine atalia, pengine atakulaumu kidogo, na vyote viwili utaviweza kwa sababu mtakuwa wawili au watatu. Siku zinazofuata kaa na wanawake wanaochambua mchele na kumenya thomu. Pale mikono ina kazi, maneno yanakuja na kuondoka yenyewe, na wengi watakaokuwa kwenye mikeka siku ya harusi utakuwa umeshawaamkia. Siku yenyewe ikifika, mlango hautakuwa wa wageni.

Usiku, hukumu ikianza, usibishane nayo. Ukibishana nayo ndiyo unaipa kikao kirefu. Chukua daftari uandike mambo matatu uliyoyaona nje yako siku ile, kama rangi ya sare, nani alikuwa na mtoto mchanga, kilipikwa nini. Kama huwezi kuyapata matatu, umejua kwamba leo ulikaa ndani ya kichwa chako, na kesho utajaribu tena. Funga daftari. Ikirudi saa 8 usiku, iambie imeshaandikwa.

Mama yako mheshimu. Kusomewa dua hakuharibu chochote katika haya, na ukipata utulivu ndani yake ni kheri. Ninachokataa ni uganga wa kukutoza fedha na kukutajia jina la jirani aliyekuhusudu, kwa sababu utatoka hapo na mtu mmoja zaidi wa kumwogopa mkekani.

Kuna hali ambayo nitakuomba usingoje. Kama umeshaanza kukosa kazini, kama usingizi na hamu ya kula vimeondoka kwa wiki mbili mfululizo, kama huoni raha ya jambo lolote au unawaza kwamba bora usingekuwapo, nenda hospitali wiki hii hii. Anza kwa daktari wa hospitali iliyo karibu nawe umweleze kama ulivyonieleza mimi. Unguja ipo pia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Kidongo Chekundu. Najua jina hilo linavyosemwa mitaani, lakini wanaokwenda pale kwa wasiwasi na huzuni huonana na daktari kisha wakarudi makwao. Matibabu yenye nguvu zaidi kwa hali hii ni ya mazungumzo na majaribio kama haya niliyokueleza, yakiongozwa na mtaalamu, kwa kawaida kwa miezi 3 au 4. Dawa zipo, kama sertralini. Huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, na hazinywewi wala kuachwa bila daktari, na mwambie kwamba unatafuta mtoto kabla hajakuandikia. Kuna wanaopeana propranololi ili mkono usitetemeke. Hiyo hupunguza mapigo ya moyo na mtetemeko, haigusi hofu ya kupimwa, na kwa mwenye pumu ni hatari. Usipokee kidonge cha mtu.

Leo jioni anza na daftari na sinia. Na ukirudi kutoka Wete niandikie, unieleze wanawake waliochambua mchele na wewe walizungumza nini.